Jiwe la Kilo Mbili la Mama Santina

Mimi ndiye niliyeleta ile mifupa, na heri niseme mapema kabla mtu mwingine hajanisemea. Naitwa Wamalwa, natoka Bungoma, na huu ni mwaka wangu wa nne Kampala. Natunza stoo katika kambi ya mafunzo ya kampuni moja ya ulinzi, bondeni chini ya kilima cha Naguru. Kazi yangu ni kununua: sabuni, mafuta, maharagwe, nyama, samaki. Makuruta ni mia moja. Wanaamka alfajiri, wanakimbia kilima chote kupanda na kushuka, na saa saba mchana wanafika mezani wakiwa na njaa ya kutisha.

Aliyekuwa anaikabili njaa hiyo ni Mama Santina. Ni mpishi wetu, mwanamke wa Gulu, mjane wa polisi aliyeitwa Ongom. Aliishi miaka ishirini na miwili katika nyumba za polisi huko juu kilimani, na baada ya mumewe kufa akapanga chumba chini ya barabara. Ni mfupi, mnene kiasi, anatembea polepole kwa sababu ya goti la kushoto, na hajawahi kukimbilia kitu chochote mbele yangu. Sufuria likichemka na kufurika, yeye analitazama tu mpaka lione aibu lenyewe.

Upishi wa watu wengi aliusomea misibani. Polisi akifa kule kambini, watu wanachanga, ng'ombe mmoja ananunuliwa, na wanawake wanaambiwa walishe mia nne. Wageni wanatoka Lira, Kitgum, Tororo, kila mmoja na macho yake. Nyama ikiisha kabla ya safu kuisha, aibu ni ya mpishi, na inasimuliwa mpaka kijijini. Miaka yote hiyo, aliniambia, nyama haikumwishia mkononi hata mara moja. Nilidhani ni majigambo ya kawaida ya wapishi.

Kabla sijaingilia mambo yake, alikuwa ananunua nyama mwenyewe mtaani Kisenyi, kwa mwanamke mmoja mwenye bucha aitwaye Zubaida. Kila Jumanne na Ijumaa kilo kumi na tano za mnofu mtupu, shilingi elfu ishirini na mbili kwa kilo. Anakata vipande mia moja, kila kimoja gramu mia na hamsini, kwa jicho tu. Siku moja nilichukua vipande kumi vyake nikavipima kisirisiri. Vilikuja kilo moja na nusu na gramu kumi na tano. Nilivirudisha siniani bila kusema neno, kwa sababu mtu akishakuwa hodari kiasi hicho anaudhi kidogo.

Basi mwezi wa pili mwaka huu nikaamua kuokoa pesa za kampuni. Nilipata muuzaji anayeleta mpaka getini nyama mchanganyiko, ile ya mbavu, shingo, uti wa mgongo na muundi, kwa elfu kumi na saba. Tofauti elfu tano kwa kilo! Nikapata pia minofu ya sangara iliyogandishwa kwa elfu kumi na nane, wakati ile mibichi ilikuwa elfu ishirini na mbili. Tena kulikuwa na bahati ya ziada. Kampuni ina mbwa sita wa ulinzi, na Jasper, anayewatunza, alikuwa ananunua mifupa yao elfu nne kwa kilo. Nikamwambia asinunue tena, achukue ya jikoni. Nilijiona nimezaliwa na akili. Mkubwa wetu, Afande Ochola, mwanajeshi mstaafu ambaye sifa kwake hutoka kwa shida kama jino, alinipiga bega mbele ya watu.

Mama Santina aliutazama mzigo wa kwanza, akaugeuza kwa kisu.

"Wamalwa, hii nyama ni ya kupima ao ni ya kukula?"

"Ya kula, Mama. Na ni bei rahisi."

"Kale," akasema, yaani sawa. "Mufupa yake nayo ulinunua bei gani?"

Nikacheka. Nikamwambia mifupa haina bei, imekuja pamoja na nyama. Alianza kutoa mifupa, maana kwake kuruta hapewi mfupa akaambiwa ni nyama. Jasper alipita na ndoo yake kama tulivyokubaliana, akaichukua ingali mibichi, kwa kuwa daktari wa mifugo alishamkataza kuwapa mbwa mifupa iliyopikwa. Ndani ya saa moja hapakuwa na alama ya mfupa pale jikoni.

Siku hiyo vipande vilitoka sabini. Makuruta thelathini wa mwisho walipata maharagwe na mchuzi. Ijumaa ikawa vilevile. Jumamosi samaki nao wakapungua. Wiki ya tatu kuruta mmoja akaacha sahani yake mezani, akachukua begi lake, akaenda nyumbani. Wenzake wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa watu wenye njaa haukawii kupata jina. Kilo kumi na tano zinaingia stoo, Wamalwa amezipima mwenyewe. Jikoni vinatoka vipande sabini. Katikati yuko nani?

Na kulikuwa na ule mfuko. Mama Santina alikuwa anabeba mfuko wa kitambaa cha buluu, asubuhi na jioni, nao ulikuwa mzito. Ulikuwa unavuta bega lake upande. Kila mtu alikuwa ameuona miaka yote, lakini sasa kila mtu akauona upya.

Je, nilijua kwamba si mwizi? Nilijua. Mtu aliyekaa naye jikoni wiki moja alijua. Lakini jibu jingine lilikuwa linanielekea mimi, na bega langu lilikuwa bado na joto la mkono wa Afande. Nikanyamaza. Sipendi kulikumbuka hilo, ila bila hilo hamtaelewa nilivyostahili kilichonipata baadaye.

Jumatano saa kumi na moja jioni alizuiwa getini. Makuruta walikuwa wamepanga mistari uwanjani, hatua ishirini kutoka pale. Mlinzi wa zamu aliunyanyua mfuko, akamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, iko na nini huku ndani?" Ochola akaitwa. Akaagiza ufunguliwe juu ya meza ya geti, mbele ya watu wote.

Mama Santina aliweka mkono juu ya mfuko kwanza. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliufungua mwenyewe, akatoa taulo, chupa ya maji, kisu chake kilichofungwa gazetini, na mwisho leso iliyokunjwa mara nne. Ndani ya leso mlikuwa na jiwe la mizani, lile la chuma, la kilo mbili, jeusi, lenye mhuri wa wakaguzi wa vipimo juu yake.

"Hii ni jiwe yangu," akasema. "Nikienda kwa mutu wa nyama, naweka juu ya mizani yake kwanza. Ikisema mbili, nanunua. Ikisema mbili na kitu, naenda. Miaka kumi na nane nabeba. Bwana Ongom alininunulia."

Hakuna aliyecheka. Ochola alikohoa. Lakini ni mtu mgumu, na alikuwa ameshajiingiza kwenye jambo hilo mbele ya makuruta mia moja.

"Jiwe nimeona, Mama. Nyama ndiyo sijaona. Iko wapi?"

"Nyama yako iko kwa mbwa, Afande."

Hapo watu walicheka, na Jasper, maskini, akaanza kuapa kwa jina la mama yake kwamba hajawahi kuwapa mbwa nyama. Mama Santina alimnyamazisha kwa kiganja.

"Mimi sisemi Jasper ameiba. Nasema hivi. Nipe kesho na kesho kutwa. Mizani ikae hapa inje, kila mutu aone. Mbwa wasipewe mufupa ya kwangu hiyo siku. Tukipima na nyama haitimii, Ijumaa naenda mwenyewe, hapana ngoja unifukuze. Lakini ikitimia, Afande, utasema mbele ya hawa watoto wote kwamba Santina si mwizi. Kwa sababu ni mbele yao umefungua mufuko yangu."

Ochola akakubali. Mimi nilirudi stoo.

Alhamisi mchana samaki wa Jumamosi waliletwa, makatoni matatu. Mama Santina alianza na mizani yetu: aliweka jiwe lake, ikasema kilo mbili kamili. Nilisikitika kidogo, lazima nikiri. Laiti mizani ingekuwa mbovu, kosa lingekuwa la mizani. Makatoni yakafunguliwa, samaki wakapimwa wakiwa wagumu: kilo kumi na tano kamili. Hakuna aliyetuibia.

Kisha akachukua vipande viwili akavigonganisha, vikalia kama vigae.

"Ona inang'aa," akamwambia Ochola. "Hii kung'aa si samaki. Ni maji. Wanachovya samaki kwa maji baridi ikigandishwa, ipate koti, isikauke kule ndani ya friza. Ni kazi nzuri, hapana wizi. Lakini koti hatukuli."

Alivitia vipande ndani ya beseni la maji baridi, vichache vichache, akipapasa kwa kidole. Mara tu ule mng'ao ulipoisha na kidole kikagusa mwili wa samaki badala ya barafu, alikitoa kipande, ingawa ndani kilikuwa bado kigumu. Hakuacha hata kimoja kikae majini muda mrefu, kisije kikayeyuka na kumharibia hesabu. Akavipangusa kwa kitambaa, akavirudisha kwenye mizani. Kilo kumi na mbili.

Ochola aliinama akatazama namba kwa karibu. Akaokota katoni tupu, akaligeuza, akavaa miwani. Upande wa chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa uzito pamoja na barafu kilo tano, uzito halisi kilo nne. Limeandikwa! Lilikuwa limeandikwa wiki zote tatu, nami nilikuwa nayabeba makatoni hayo kifuani.

Samaki wakalazwa ndani ya friji juu ya chujio, beseni chini yake, na Ochola akafunga kufuli akaweka ufunguo mfukoni. Ijumaa asubuhi alifungua mwenyewe. Ndani ya beseni mlikuwa na maji mekundu-mekundu, yale anayoyaachia samaki akiyeyuka. Tukapima. Kilo kumi na moja na gramu mia nne.

"Hivyo ndivyo vipande sabini na sita," Mama Santina akasema. "Mimi nilikuwa nakata sabini na sita. Kuna mutu alihesabu?"

Walikuwa wamehesabu. Kuruta mmoja mbele ya mstari akasema kwa sauti, "Sabini na sita, ni kweli," kisha akaziba mdomo.

Ikaja nyama. Ijumaa hiyo mbwa walikuwa wamezoea mifupa yao saa tatu, na saa tatu ikapita. Walianza kubweka wote sita kwa pamoja, na kesi ya Mama Santina ikasikilizwa katikati ya kelele hizo. Kilo kumi na tano juu ya mizani, kamili. Akaketi kwenye stuli, goti bovu amelinyoosha, akaanza kazi.

Ninaomba nieleze mikono ile. Hakukata nyama kutoka mfupani, aliiachanisha. Ncha ya kisu ilipita kando ya ubavu, nyama ikafunguka, mfupa ukabaki mweupe. Kwenye uti wa mgongo, ambako mimi ningeacha robo ya nyama, alizunguka kila pingili kama mtu anayejua nyumba yake gizani. Hakuacha kitu. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu Ochola alikuwa anaokota kila mfupa na kuukagua, akitafuta nyama iliyoachwa makusudi. Alikagua mifupa kumi hivi, kisha akaacha. Vijana wanaofundishwa kulinda mali za watu walikuwa wanamwangalia mwanamke mmoja akilinda jina lake, na nadhani walijifunza zaidi pale kuliko darasani.

Mifupa ikawekwa kwenye mizani. Kilo nne na nusu. Nyama, kilo kumi na nusu.

"Sabini," akasema, akafuta kisu.

Ochola alitoa simu akaanza kupiga hesabu, akazisoma kwa sauti kama anayesoma amri za siku. Elfu kumi na saba mara kumi na tano, laki mbili na elfu hamsini na tano. Gawanya kwa kilo kumi na nusu zinazoliwa. Elfu ishirini na nne na ushee kwa kilo. Akapiga tena. Samaki nao: laki mbili na elfu sabini, gawanya kwa kumi na moja na nusu kasoro. Elfu ishirini na tatu na ushee.

"Mnofu mtupu wa Kisenyi ulikuwa bei gani?"

"Ishirini na mbili," Mama Santina akajibu. "Na samaki mubichi, ile minofu, ishirini na mbili."

Hapo nikaona upenyo, na nafsi yangu duni ikaukimbilia. Nikasema, "Lakini Afande, mifupa imelisha mbwa. Tuitoe hiyo."

"Toa, toa," Mama Santina akasema, bila hasira hata kidogo. "Ni halali atoe. Mufupa ni mali. Kama sina mbwa ningechemsha supu. Lakini itoe kwa bei ya mufupa."

Ochola akaitoa. Kilo nne na nusu kwa elfu nne, ni elfu kumi na nane. Akagawanya upya. Elfu ishirini na mbili na mia tano na ushee. Bado nyama yangu ya rahisi ilikuwa ghali kuliko ya ghali. Halafu akafanya hesabu niliyokuwa naiogopa: mifupa ileile kwa bei tuliyoilipa kweli. Elfu sabini na sita na mia tano kila mzigo.

"Mbwa wangu," Ochola akasema taratibu, "wanakula mfupa wa elfu kumi na saba kilo."

Jasper aliangua kicheko mpaka akashika mti. Mimi sikucheka.

Ochola aliweka simu mfukoni, akavuta koti lake, akageukia mistari. Alisema kwa sauti ya paredi, kila neno likasikika mpaka barabarani: Mama Santina si mwizi, hajawahi kuchukua kipande, na yeye Ochola alikosea kufungua mfuko wake. Kisha akampigia saluti. Si saluti ya mzaha. Mama Santina, mjane wa polisi, alisimama kutoka kwenye stuli, goti na yote, akasimama wima mpaka mkono wa Afande uliposhuka. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na mimi vilevile, ingawa yangu hayakuwa ya aina yake.

"Sasa," Ochola akasema, "nani alibadilisha muuzaji?"

Alijua, bila shaka. Alinipiga bega kwa hilo. Lakini aliuliza, akangoja. Mama Santina alikuwa anasuuza kisu, hata hakuinua macho. Mbwa walibweka. Nikatoka mbele.

Nikasema ni mimi. Nikasema alinionya siku ya kwanza kabisa, nikacheka, na kwamba wiki tatu nilimwona akisingiziwa nikakaa kimya. Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza, lakini lilitoka lenyewe. Ochola akasema kuanzia siku hiyo Mama Santina ndiye anayenunua, nami nitambebea.

Baadaye nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, kuanzia getini mpaka kwenye mizani.

"Nilikuwa nangoja useme," akajibu, akiwa anachambua vitunguu. "Kama hukusema, ningesema mimi. Sikia, mimi si mutakatifu."

Jumanne iliyofuata tulienda Kisenyi asubuhi mapema, katikati ya magereji na maduka ya jumla. Kwa Zubaida, jiwe lilitoka ndani ya leso likakaa kwenye mizani kabla hata ya salamu kuisha, na Zubaida wala hakukasirika. "Huyu mama," akaniambia, "mimi mizani yangu naisafisha kwa ajili yake." Kilo kumi na tano zikapimwa. Kisha, kama desturi ya mabucha wote wa hapa, Zubaida akaokota nyongeza ya kutupia juu: kipande cha mfupa. Nilinyoosha mkono kupokea, maana nani anakataa nyongeza? Mama Santina alinizuia mpaka nyama yote ilipofungwa mfukoni na namba ya mizani kusomwa. Ndipo akaipokea. Nyongeza, akanieleza njiani, ichukuliwe mwisho. Ikiwahi kupanda kwenye mizani si nyongeza tena, umeinunua.

Nilibeba kikapu cha nyama. Tulipokaribia geti, akavua na ule mfuko wa buluu begani, akanipa. Nikadhani goti linamuuma. Ilikuwa saa tatu, makuruta wamejipanga uwanjani, na tangu ile Jumatano Ochola alikuwa ameweka sheria kwamba kila mfuko ufunguliwe, awe nani.

"Fungua, ssebo," mlinzi akaniambia kwa heshima ileile.

Nikauweka mfuko mezani. Watu mia moja wakageuza shingo. Hapakuwa na kitu cha kuficha ndani yake, nilijua kila kilichomo, na bado masikio yalinichoma moto. Hapo nikajua si goti lililomfanya anipe mfuko ule. Nilitoa taulo. Nilitoa kisu. Nilikunjua leso, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne, nikaliweka jiwe juani watu walione, nikageuka kumtafuta Mama Santina nimwambie ninaomba radhi.

Alikuwa ameshaingia jikoni, anawasha moto.